Breketi ya mota, mchoro BR-14: vipimo viwili vinagongana

Shikamoo Mhandisi,

Nimesimamisha kutoboa BR-14 (toleo B). Umbali wa kati kwa kati wa matundu ya boliti kwenye upana wa mota umeandikwa 140 mm katika mwonekano wa mbele, lakini mwonekano wa juu unasema 125 mm.

Nilijaribu kujumlisha nione upi umekosewa, haikusaidia: mbele ni 20 + 140 + 20, juu ni 27.5 + 125 + 27.5, na zote zinatoa 180 ya bamba. Kupima kwa rula juu ya karatasi iliyochapishwa sitaki, hilo nadhani tunakubaliana.

Ninavyohisi, mota ilibadilishwa ukarekebishwa mwonekano mmoja tu. Miguu ya mota ya IEC fremu 80 ina 125, ya fremu 90 ina 140. Tundu la milimita 10 linafaa zote mbili, kwa hiyo halinipi jibu. Tafadhali nitajie fremu iliyo kwenye kibati cha mota yenyewe.

Kurefusha matundu yachukue mota zote mbili sishauri. Mkanda utaivuta mota iteleze.

Mabamba yote manne yamekatwa na kukunjwa, matundu bado. Mashine nimeipa kazi nyingine hadi kesho saa nne asubuhi. Nitumie toleo C lenye sahihi yako. Kwa simu pekee sitatoboa.

Fundi wa mashine, zamu ya asubuhi