Majibu kuhusu uvumi wa "kambi ya njaa" dhidi ya waumini wa kanisa la mtaani kwetu

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za jioni.

Tangu Jumatatu usiku yamekuwa yakizunguka katika makundi ya WhatsApp ya hapa Kigoma, kuanzia ya mitaa ya Gungu na Mwanga hadi ya wafanyabiashara wa samaki wa Kibirizi, maneno yanayodai kwamba waumini wa kanisa dogo la Kipentekoste lililopo mtaani kwetu wamejifungia porini na kujinyima chakula hadi kufa, kwamba binti mmoja ameshafariki na kuzikwa kwa siri, na kwamba wengine wanavushwa usiku kwa boti. Maneno hayo yameambatana na picha moja na ujumbe wa sauti. Nikiwa mwenyekiti wa mtaa ambamo kanisa hilo limo, nimefuatilia dai moja baada ya jingine, na ninawaambia waziwazi kuwa habari hiyo ni ya uongo.

Nianze na picha, kwa sababu ndiyo iliyowatisha wengi. Inaonesha watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wakiwa pembeni ya makaburi yaliyofukuliwa, na juu yake pameandikwa "Kigoma, wiki hii". Kijana mmoja wa mtaa aliitafuta kwa Google Lens mbele yangu, na ikatokea katika habari za mwaka 2023 kuhusu msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa baada ya mhubiri mmoja kudaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge mpaka wafe. Msiba huo ulitokea kweli, na aliyeusikia ana haki ya kushtuka anaposikia kanisa lolote likitaja mfungo. Lakini picha ya msiba wa wenzetu wa pwani ya Kenya haiwi ushahidi wa jambo la Kigoma kwa kubandikwa maneno mapya juu yake.

Ujumbe wa sauti ni wa mtu anayejitambulisha kuwa mhudumu wa hospitali, ila hataji jina lake, kituo chake wala siku aliyoyaona anayoyasimulia. Anasema uthibitisho wa watu kuvushwa ni taa zilizoonekana ziwani usiku. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa taa zile ni za nini: wavuvi wa dagaa hutoka jioni, huwasha taa ili kuwavuta dagaa wapande juu, na usiku wa giza usio na mbalamwezi ndio wakati wao wa kazi. Aliyerekodi sauti hiyo ama si mtu wa huku, ama alijua kuwa wengi watakaomsikiliza si wa huku.

Sasa kuhusu kambi yenyewe. Ni kweli kwamba waumini hao wako katika mfungo wa siku 21, na ni kweli kwamba baadhi yao wanakusanyika katika shamba la muumini mwenzao lililoko pembezoni mwa mji, upande wa Businde. Taarifa ya mkusanyiko ilifika ofisini kwangu kabla haujaanza, na cheti cha usajili wa kanisa, kinachotolewa na Msajili aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nimekiona kwa macho yangu. Hata hivyo, maneno yalipozidi, sikutaka kutegemea karatasi. Jumatano jioni nilikwenda huko pamoja na mtendaji wa kata, Polisi Kata na mhudumu wa afya ya jamii, na hatukuwaarifu kwamba tunakuja.

Tulikuta turubai limefungwa kwenye miembe, watu wazima wakiimba, na nyuma ya banda akina mama watatu wakisonga ugali wa muhogo, huku sufuria kubwa ya maharage yaliyoungwa kwa mawese ikiwa tayari imeepuliwa, na migebuka ikichomwa pembeni. Wanafunga tangu alfajiri, na jua likizama wanakula. Mimi ni Mwislamu, na mpangilio wa namna hiyo hauwezi kunishangaza. Watoto hawafungi, wala wajawazito, wala wanaotumia dawa, na mhudumu wa afya aliwauliza mmoja mmoja bila mchungaji kuwapo karibu. Geti halikuwa na kufuli. Wengine walikuwa ndiyo kwanza wanafika kutoka kazini, maana mchana wako sokoni au shuleni wanakofundisha.

Binti anayedaiwa kufa yupo hai. Aliugua homa akiwa kambini siku ya Jumapili, na waumini wenyewe ndio waliompakia kwenye bodaboda akiwa na mama yake hadi zahanati, ambako kipimo kilionesha malaria, akapewa dawa ya mseto na kurudi nyumbani. Nimeongea naye na wazazi wake. Wameomba jina lake lisitajwe tena katika kundi lolote, na ninaomba ombi hilo liheshimiwe hata na wale wanaomfahamu na wanaotaka kuthibitisha kwa nia njema.

Wapo watakaosema kwamba hakuna aliyeumia kwa maneno ya kwenye simu. Mama mmoja wa kanisa hilo anayeuza mawese amerudi na madumu yake yakiwa yamejaa kwa sababu wateja wamekataa kununua "mafuta ya wachawi". Usiku wa Jumanne bati la nyumba ya ibada lilipigwa mawe, na watoto wawili wamebaki nyumbani kwa kuogopa kuzomewa shuleni. Hawa ni majirani ambao tumezikana nao na kualikana kwenye harusi, na hakuna hata mmoja kati ya waliosambaza ujumbe ule aliyepiga hodi kuwauliza.

Sisemi kuwa kanisa, msikiti au kikundi chochote kisihojiwe. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, lakini hailindi kitendo cha kumnyima mtoto chakula au matibabu, na siku nitakapoona jambo la namna hiyo katika mtaa huu nitakuwa wa kwanza kwenda polisi. Mwenye mashaka ya kweli aje ofisini, au aende kituo cha polisi, aeleze alichokiona, mahali na saa. Kurekodi sauti bila jina na kuirusha kwa mamia ya watu ni jambo jingine, na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinalitaja kuwa kosa kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kutisha umma, adhabu yake ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sina nia ya kumpeleka jirani yangu mahakamani, na wengi wenu najua mlisambaza kwa hofu ya kweli juu ya watoto. Ila baada ya maelezo haya, atakayeendelea kusambaza atakuwa anajua anachokifanya.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Viongozi wa makundi wafute picha na sauti hiyo leo, na kila aliyeituma kwenye kundi lingine apeleke majibu haya kwenye kundi hilohilo, si kwingine.

Mchungaji amekubali kupokea wageni Jumapili kuanzia saa kumi na moja jioni. Mtendaji wa kata na mimi tutakuwapo, tutaondoka pamoja kutoka ofisi ya mtaa saa kumi, na anayetaka kuja na mtu wa afya anayemwamini yeye mwenyewe anakaribishwa.

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji.