Nusu saa ya Jumapili: kujibu, kuhesabu, kuposti

Kila Jumapili, saa 2:30 hadi saa 3:00 usiku, kwa ajili ya biashara yangu ya achari, pilipili na viungo. Karatasi hii inakaa ndani ya mlango wa kabati la chupa, niisome hata siku niliyochoka. Embe nakata mimi, chupa nafunga mimi, simu najibu mimi. Katikati ya wiki najibu ya haraka tu huku mwiko uko mkononi. Jumapili ndiyo ya kukaa kitako.

Kabla sijaanza: simu iwe na chaji na bando, daftari la kijani na kalamu viwe mezani, magrupu yote yanyamazishwe, hasa la ukoo. Picha ziwe zimeshapigwa mchana wa wiki hiyo, maana taa ya jikoni inaifanya achari ionekane nyeusi.

Kujibu, saa 2:30 hadi 2:44

Naanza chini, siyo juu. WhatsApp Business inapandisha meseji mpya, ya zamani inazama. Mwezi wa nne dada mmoja wa Dodoma aliulizia chupa 12 za harusi. Nilimfungulia nikiwa sokoni, nikasema nitamjibu nikifika nyumbani, zikapita siku nne. Nilipomtafuta alishanunua kwingine, na alinijibu kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. Tangu hapo meseji nikiifungua na sina nafasi ya kuijibu, naiwekea lebo ya "Hajajibiwa" papo hapo. Jumapili lebo hiyo inatakiwa ibaki tupu.

Salamu kwanza. Aliyeandika "Shikamoo mama" apate "Marahaba mwanangu, hujambo?" kabla ya kitu chochote. Jibu la haraka linafuata baada ya salamu, halichukui nafasi yake. Nimehifadhi mawili tu:

`/bei`
"Karibu sana. Achari ya embe chupa ya gramu 350 ni 6,000. Pilipili ya ndimu 4,000. Viungo vya pilau pakiti 5,000. Ukiwa Tanga mjini boda anakuletea kwa 2,000. Nikuwekee ipi?"

`/basi`
"Mikoani natuma Jumanne na Ijumaa asubuhi kutoka stendi ya Kange. Kila chupa naifunga na gazeti lake, mfuniko nazungushia selotepu. Nauli ya boksi nakuambia kabla hujalipa. Gari likiondoka nakutumia namba ya gari na ya kondakta. Uko mkoa gani?"

Yote mawili yanaishia na swali. Zamani nilikuwa namalizia "karibu tena" na mteja anaona mazungumzo yamekwisha.

Kisha lebo ya "Hajalipa". Kila mtu namkumbusha mara moja tu, na namtajia siku: "Habari za jioni kaka. Zile achari chupa 3 na viungo pakiti 1 nimekuwekea mpaka Jumanne saa 4 asubuhi. Jumla 23,000." Siku ikipita, chupa zinarudi kabatini na lebo naiondoa bila kinyongo. Akituma picha ya muamala, naangalia meseji yangu ya M-Pesa na salio kwanza. Pesa haijaonekana kwangu, boksi halitoki, hata kama ni mtu ninayemfahamu.

Mwenye malalamiko siandikii, nampigia. Mama wa Chumbageni mfuniko ulimvujia mafuta kwenye mkoba. Nilimpigia usiku uleule, kesho yake nikampelekea chupa nyingine mwenyewe. Sasa majirani zake wawili wananunua kwangu kila mwezi.

Kuhesabu, saa 2:44 hadi 2:53

Nahesabu kabla ya kuposti. Nilipokuwa naposti kwanza, niliposti kilichonifurahisha mimi. Sasa namba ndizo zinazoniambia wiki hii wateja wanataka kuambiwa nini.

Ukurasa mmoja wa daftari, mistari mitano: walioulizia, walionunua, wametoka wapi, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Wiki iliyopita ilisomeka hivi:

Walioulizia 23. Walionunua 9.
Wametoka wapi: wateja wa zamani 5, status 3, Instagram 1.
Imeingia: achari 14, pilipili 9, viungo 10, jumla 170,000.
Imetoka: embe na ndimu 28,000, mafuta 16,500, chupa tupu 24 kwa 16,800, bando 10,000, boda 9,000, jumla 80,300.
Imebaki: 89,700.

Pesa iliyoingia naisoma kwenye meseji za muamala na kwenye kopo la fedha taslimu, siyo kichwani. Mafuta yaliyobaki kwenye dumu siyapunguzi. Kilichonunuliwa wiki hii kinaandikwa wiki hii, basi, la sivyo nusu saa itaishia kupima dumu.

Watazamaji nawaandika pembeni kwa penseli. Video ya kukoroga achari ilitazamwa mara 1,140 Instagram ikaleta mnunuzi mmoja. Status ya chupa tano dirishani ilionwa na watu 86 ikaleta watatu. Instagram siiachi, wageni wa mikoani wanaanzia kule, lakini nguvu zangu za wiki naziweka kwenye status, kwa watu wenye namba yangu.

Dakika mbili za mwisho ni za wale 14 walioulizia wasinunue. Naperuzi mazungumzo yao na kuandika neno moja kwa kila mmoja: bei, usafiri, kimya, baadaye. Wiki iliyopita "usafiri" limetokea mara 6. Walisikia Tanga, wakaogopa chupa zitapasukia njiani. Hapo ndipo posti ya wiki inapotoka.

Kuposti, saa 2:53 hadi 3:00

Posti moja, inayojibu lile neno lililojirudia zaidi. Ya leo ni picha ya boksi lililo wazi, chupa sita zimevikwa magazeti, mkono wangu umeshika moja iliyofunuliwa nusu, na maneno haya:

"Hili boksi linapanda basi Jumanne kwenda Morogoro. Kila chupa ina nguo yake ya gazeti, mfuniko umezungushiwa selotepu mara mbili. Ikifika imepasuka, nipigie picha kabla hujatoa chupa nyingine, nakutumia mpya kwa gharama yangu. Bado nina nafasi ya maboksi mawili. Uko mkoa gani?"

Inaenda status na Instagram, maneno yaleyale. Status inaondoka baada ya saa 24, kwa hiyo Jumatano mchana naiweka tena ikiwa na picha nyingine ya boksi hilohilo, na alamu ya Jumatano naiweka sasa hivi. Orodha ya kutumia watu wengi kwa mpigo naigusa tu siku ya achari mpya kutoka juani, maana inawafikia walionisevu peke yao, na hao ndio sitaki kuwachosha. Kila anayenunua mara ya kwanza namwomba anisevu.

Saa 3:00 naacha, hata kama maneno ya posti hayajanikaa vizuri.

Wiki ya msiba, ya ugonjwa, au ya Ramadhani viungo vinapotoka mfululizo na nusu saa haipatikani: nafanya kujibu peke yake, kwa dakika kumi, namba naziandika Jumatatu, posti naiacha. Nikishindwa hata hizo dakika kumi, nawatumia wote wenye lebo ya "Hajajibiwa":

"Samahani sana, nimeiona meseji yako na sijakusahau. Nina shughuli ya nyumbani, nitakujibu kesho kabla ya saa 6 mchana."

Na kesho kabla ya saa 6 nawajibu.