Dari inayovuja: ujumbe kwa mwenye nyumba

Rasimu ya kwanza (haikutumwa):
Wewe mzee una roho gani? Kodi unaikumbuka, dari ikivuja unajifanya kiziwi! Wanangu wanalala kwenye maji. Mwezi huu hupati hata senti!

Uliotumwa:
Shikamoo mzee. Ni mpangaji wako wa nyumba ya nyuma.

Dari ya chumba cha watoto inavuja. Nilikupigia simu tarehe 3, ukaahidi kumtuma fundi. Leo ni tarehe 19, hajafika, na simu zangu mbili za wiki hii hazikupokelewa.

Maji yanateremka ukutani hadi kwenye swichi ya taa, na ubao wa dari umeanza kubonyea. Nimezima umeme wa chumba hicho, watoto wanalala sebuleni. Hilo la swichi ndilo linalonitia hofu kuliko yote, maana mtoto hakatazwi mara moja akasikia. Picha nimeziambatanisha.

Naomba fundi afike kabla ya Jumamosi, aanze na paa, kwani kubadilisha ubao peke yake hakutazuia maji. Ukishindwa kumpata, niandikie kwamba umekubali nimwite wangu; nitakuletea risiti, gharama ikatwe kwenye kodi ijayo.

Kodi nimelipa kwa wakati siku zote, na ya mwezi huu utaipata. Lakini ukimya huu umeniumiza, mzee, nakuambia kwa heshima.

Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Nasubiri jibu lako kesho.