KUH: Chumba baridi au laini ya pakiti, na kwa nini NPV na IRR hazikubaliani

Nairobi, 14 Oktoba 2025

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,

Kikao cha Alhamisi iliyopita kilivunjika swali likiwa bado mezani: ikiwa chumba baridi kina IRR ya 34.9% na laini mpya ya kupakia maziwa kwenye pakiti ina 25.2%, mbona idara yangu inapendekeza laini? Nilijibu harakaharaka kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Naomba nijibu sasa ipasavyo.

Kwanza, ingekuwa kuna nafasi ya miradi yote miwili, barua hii isingehitajika, kwani kila mmoja unapita kiwango chetu cha 15%, ambacho ndicho gharama ya mtaji wetu. Tatizo ni kiwanja. Pale nyuma ya lango, tunapopanga kreti tupu, panatosha kitu kimoja tu. Tukijenga chumba, laini haina pa kukaa.

Chumba baridi kitagharimu Sh milioni 10 na kutuletea milioni 5 kila mwaka kwa miaka 4, hasa kwa kuokoa maziwa yanayorudishwa na maduka ya Kayole na Kawangware yakiwa yameshaganda. Laini itagharimu milioni 40 na kuleta milioni 17 kila mwaka kwa muda uo huo. Hesabu zote ni baada ya kodi, na sikuhesabu thamani ya mitambo mwishoni. Kwa 15%, NPV ya chumba, yaani thamani ya leo ya fedha zitakazoingia ukitoa gharama ya kukijenga, ni milioni 4.27. Ya laini ni milioni 8.53.

IRR ni asilimia. Inasema kila shilingi iliyomo mradini inazaa kwa kasi gani, lakini haisemi ni shilingi ngapi zilizomo. Mtu akikopesha Sh 100 akarudishiwa 150, amepata faida ya 50%. Mwenzake akikopesha Sh 1,000 akarudishiwa 1,300, amepata 30% tu, lakini jioni ndiye mwenye Sh 300 mfukoni, na yule wa kwanza ana 50. Mishahara ya wafanyakazi wetu hailipwi kwa asilimia.

Ndiyo maana naomba tuiangalie ile tofauti yenyewe. Kuchagua laini ni kuongeza milioni 30 juu ya bei ya chumba ili kupata milioni 12 zaidi kila mwaka. Nyongeza hiyo, ikipimwa peke yake kama mradi, ina IRR ya 21.9%, na kwa 15% inatuachia NPV ya milioni 4.26. Basi anayetetea chumba anapaswa kutuonyesha milioni 30 zitakazobaki zitafanya kazi gani yenye kuzaa zaidi ya hiyo 21.9%. Hati za Hazina hazilipi hivyo sasa, na mimi sina mradi mwingine kwenye faili. Gharama ya mtaji wetu ingepanda ikavuka 21.9%, ningegeuka na kupendekeza chumba, maana hapo NPV yenyewe ingekipa nafasi ya kwanza.

Mjumbe mmoja aliniletea karatasi yake yenye NPV ya milioni 7.42 kwa laini, akidhani nimeongeza chumvi. Hakukosea hesabu. Programu ya lahajedwali ndiyo ina tabia yake: inachukulia kwamba namba ya kwanza ndani ya mabano inaingia mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo fedha tunazotoa leo, ambazo ziko B1 zikiwa na alama ya kutoa, hukaa nje ya mabano:

```
=NPV(15%,B2:B5)+B1
```

Akiingiza B1 ndani, kila kitu kinasogea mwaka mmoja mbele, na 8.53 inashuka hadi 7.42. Mpangilio wa miradi haubadiliki.

Linaloninyima usingizi mimi ni makadirio ya mauzo. Mapato ya laini yakipungua kutoka milioni 17 hadi milioni 15.5 kwa mwaka, yaani karibu 9%, laini na chumba vinalingana kwa NPV. Yakifika milioni 14, laini haituachii chochote. Idara ya mauzo imejenga zile milioni 17 juu ya maagizo ya pakiti za nusu lita, na nilipoyapitia Ijumaa nilikuta sehemu yake ni ahadi za mdomo tu. Chumba hakina hatari ya aina hiyo, kwa sababu maziwa yanayorudi tunayahesabu kila asubuhi pale langoni.

Kwa hiyo naomba Bodi iidhinishe laini kwa sharti kwamba malipo ya awali yasitolewe kabla ya wanunuzi kutia saini maagizo yanayotosha kutuletea angalau milioni 15.5 kwa mwaka. Bei ya muuzaji mitambo inasimama hadi 31 Oktoba. Sahihi zisipopatikana kufikia siku hiyo, nitarudi kwenu na ombi la chumba baridi.

Wenu mwaminifu,

Afisa wa Fedha