Andalio la somo: Kupima pH, tope na oksijeni katika Mto Morogoro

Darasa: Kidato cha Tatu, wanafunzi 36, makundi sita
Somo: Kemia, kwa kushirikiana na Biolojia
Muda: Jumamosi, saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi
Mahali: Kituo A ni juu, mto unapotoka milima ya Uluguru kabla ya makazi. Kituo B ni chini ya daraja, penye bustani za mchicha na watu wanaofua.

Lengo

Mwanafunzi apime vitu vitatu kwa usahihi, kisha aeleze kwa ushahidi kwa nini A na B zinatofautiana. Hili la pili ndilo zito, lisikatwe muda ukibana. Maji haya huingia Mto Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, mto unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji ya bomba.

Zana

Mita ya pH na bafa za pH 4 na 7, bomba la kupimia tope lenye alama ya msalaba kitakoni, kipimajoto, chupa za oksijeni za mililita 300 zenye vizibo vya kioo, kemikali za njia ya Winkler, sirinji, ndoo yenye kamba, miwani ya maabara, glavu, maji na sabuni.

Usalama

Mvua ikinyesha mlimani usiku, safari iahirishwe hata kama mjini kuna jua, kwa sababu mto huu hujaa ghafla. Mwanafunzi yeyote asiingie majini, maana kichocho huambukiza kupitia ngozi. Mwalimu mwenye mabuti na glavu ndefu ndiye atakayejaza chupa za oksijeni. Asidi kali ya salfuriki ibaki maabara, mikononi mwa mwalimu.

Utangulizi (dakika 15, darasani)

Uliza: samaki wa kituo B wanapumua nini? Wengi watajibu "maji". Anzia hapo. Kumbusha pia kwamba pH ikishuka kutoka 7 hadi 6, asidi imeongezeka mara kumi.

Kazi ya mtoni (dakika 90)

Makundi matatu yaende A na matatu B, yapime saa ileile. Oksijeni huwa ndogo alfajiri na hupanda mchana mimea ya majini ikipata jua, kwa hiyo A ya saa 3:00 hailinganishwi na B ya saa 8:00.

*pH na joto.* Mita isawazishwe kwa bafa kwanza, isuuzwe, kisha isomwe mara tatu na wastani uandikwe. Joto lipimwe mtoni penyewe.

*Tope.* Jaza bomba, chungulia kutoka juu huku mwenzako akipunguza maji polepole, mpaka msalaba uonekane. Soma NTU pembeni mwa bomba. Wanafunzi wawili wasome bila kuambiana, kwa sababu macho hutofautiana. Bomba liwe kivulini.

*Oksijeni.* Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Maji ya ndoo hayafai, kwani yakimiminwa hubeba hewa. Chupa ilazwe ndani ya mto, ijae taratibu, izibwe ikiwa bado chini ya maji, kisha ipinduliwe. Likionekana povu hata moja, ianzwe upya. Ongeza mililita 1 ya salfeti ya manganizi na mililita 1 ya myeyuko wa alkali na iodidi, ncha ya sirinji ikiwa chini ya uso wa maji. Ziba, pindua mara kadhaa. Mashapo ya kahawia yanaonyesha oksijeni ipo. Yakibaki meupe, hakuna. Waache watazame rangi hiyo ikitokea, wasiharakishwe.

Maabara (dakika 50)

Mwalimu aongeze mililita 1 ya asidi; mashapo yatayeyuka na maji kuwa ya njano. Chukua mililita 201, dondosha thaiosalfeti ya sodiamu ya 0.025 M mpaka njano ififie, weka wanga, endelea mpaka bluu ipotee. Kila mililita iliyotumika ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita.

Maji safi ya 25 °C usawa wa bahari hubeba takriban 8.3 mg/L yakishiba. Kwa mwinuko wa Morogoro, karibu mita 500, tumia 7.8. Mfano: 5.4 ÷ 7.8 × 100 = 69%. Chini ya 5 mg/L samaki wengi huanza kutaabika.

Mjadala (dakika 25)

B ikiwa na oksijeni ndogo, sababu ni uchafu unaooza, joto, au maji kutulia? Kumbuka A ina maporomoko yanayochanganya hewa. Kundi litakalosema "ni sabuni" lionyeshe kipimo gani kinathibitisha.

Tathmini

Kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa: sababu moja anayoiamini, namba zinazoiunga mkono, na kipimo kimoja ambacho angeongeza ili kuijaribu. Alama 10: vipimo 4, maelezo 6.