Pendekezo la utafiti tendaji: kwa nini fomu wani wananyamaza kwenye kipindi cha Kiingereza

Shule yetu ya kata, Morogoro, wanafunzi 58 darasa moja. Hawa watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakifika fomu wani karibu kila kitu Kiingereza, ukiuliza swali darasa zima linaangalia dawati. Kuandika wanaandika, ila kuongea ndo hakuna, kwa hiyo sidhani shida ni uvivu.

Swali: nini hasa kinawafanya wakwepe kuongea, na je wakipewa dakika mbili za kujadiliana na jirani kwanza, watajibu zaidi?

Njia: wiki 2 za mwanzo nafundisha kama kawaida, mwalimu mwenzangu anakaa nyuma anapiga tiki nani kaongea, kwa hiari au kwa kuitwa, na nani kachekwa (kuchekwa nakushuku sana). Halafu vikaratasi visivyo na jina, kwa Kiswahili, maana ukiwauliza kwa Kiingereza utapata ukimya uleule. Wiki 4 zinazofuata tunajaribu jozi, na kosa la matamshi silikatizi mtu akiwa anaongea. Mwisho tiki tena, tunalinganisha, na wanafunzi 6 wa kuhojiwa.

Maadili: ruhusa ya mkuu wa shule, barua kwa wazazi, na mtoto mwenyewe akubali, anaweza kujitoa bila kuguswa maksi. Mahojiano afanye mwenzangu, mimi ndo nasahihisha mitihani yao, hawatanisema usoni. Hakuna kurekodi, majina tunatumia namba.