Kutwa mara mbili

Kwenye bahasha ya dawa waliandika "1 x 2", kidonge kimoja kutwa mara mbili, siku saba. Kutwa! Kutwa yangu mimi ni kulala.

Basi letu hutoka Mbezi saa mbili usiku kwenda Mbeya. Siku ya kwanza nilimeza jioni kabla ya kupakia mizigo. Asubuhi nikafika hoi, nikajitupa kitandani, nikaamka saa tisa alasiri. Kidonge bado kiko mfukoni, na kidonda cha mguu kinapwita.

Nikampigia dada wa duka la dawa.

"Nimeze viwili kufidia?"

"Hapana, kaka. Kimoja sasa hivi, kingine saa tisa usiku, halafu endelea hivyohivyo."

"Saa tisa usiku niko kwenye usukani, dada."

Akacheka. "Mwenzako je?"

Kweli, tuko madereva wawili. Sasa utingo ametega simu yake. Saa tisa ikilia, tunasimama, tunapokezana, namegua chapati nisimeze tumbo tupu. Jana abiria mmoja aliamka akauliza, "Tumefika?"

"Bado, mama. Dereva anakunywa dawa."